Mali ambayo wosia haukuitaja inakwenda kwa nani?

Watu wengi Dar es Salaam hudhani mtu ana wosia au hana, na kwamba akiwa nao mambo yake yote yamekwisha. Ukweli ni kwamba mtu mmoja anaweza kufa akiwa na wosia na bila wosia kwa wakati mmoja. Mali alizozigawa zinafuata maneno yake. Zile ambazo hakuzitaja, au alizitaja lakini zawadi yenyewe haikuweza kutimia, zinahesabiwa kama za mtu aliyekufa bila kuandika chochote, na sheria ndiyo inayomgawia. Huku ndiko kufa bila wosia kwa sehemu ya mali.

Sheria ipi inayomgawia? Hapa nchini jibu linategemea marehemu aliishi vipi. Mwislamu aliyeishi Kiislamu anafuata sheria ya Kiislamu. Aliyeishi kwa mila za kabila lake anafuata sheria ya mila. Aliyeachana na maisha ya kimila, na mara nyingi ni Mkristo wa mjini aliyefunga ndoa kanisani na kuishi na mke na watoto wake kwa utaratibu huo, mirathi yake hugawiwa kwa Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, ambayo tulirithi kutoka enzi za mkoloni na bado inatumika. Ubatizo peke yake hauamui. Mahakama inaangalia namna alivyoishi na nia aliyoionyesha. Nitakaa zaidi kwenye sheria hii ya mwisho, kwa sababu ndiko wosia unaotaja mali nusu unakoleta mivutano ninayokutana nayo mara nyingi zaidi.

Tuchukue familia ya mfano, ya Sinza. Mwaka 2008 baba aliandika wosia wa ukurasa mmoja, ukashuhudiwa sawasawa. Nyumba ya Sinza alimwachia mke wake. Shamba la Kibaha alimwachia mtoto wa kwanza. Gari alimwachia mtoto wa pili. Mtoto wa tatu na wa nne hakuwaandikia kitu, pengine kwa sababu walikuwa bado wadogo. Alimteua mtoto wa kwanza kuwa msimamizi wa wosia, akasaini, akafunga bahasha.

Maisha yakaendelea. Mwaka 2015 aliuza shamba la Kibaha, na sehemu ya fedha akanunulia kiwanja Chanika, kwa mkataba wa mauziano ulioandikwa mbele ya serikali ya mtaa. Bahasha hakuifungua tena. Alipofariki mwaka 2023, benki kulikuwa na shilingi milioni 18, na kiwanja cha Chanika kilithaminiwa milioni 24. Vyote viwili wosia hauvijui.

Siku ya kikao cha familia, mtoto wa kwanza alisema jambo ambalo kwa masikio ya wengi lina mantiki: "Baba aliniandikia shamba. Kiwanja kimenunuliwa kwa hela ya shamba langu. Kwa hiyo kiwanja ni changu." Wadogo zake walinyamaza, maana hata wao waliona kama ana haki.

Hana. Zawadi ya kitu mahususi inaishi na kitu hicho. Baba alipouza shamba, zawadi ile ilikufa siku ile ile, na fedha zikawa fedha za baba kama nyingine zote. Hazikubeba jina la mtoto kwenda Chanika. Ingekuwa tofauti tu kama wosia ungesema kwamba shamba likiuzwa, kitakachonunuliwa kwa fedha zake ndicho achukue. Wosia huu haukusema hivyo. Kiwanja kimo kwenye fungu lisilotajwa, pamoja na fedha za benki.

Kabla ya kuligawa fungu hilo kuna hatua mbili ambazo familia huziruka. Ya kwanza ni kuuliza kama mali ni ya marehemu kweli. Ardhi ikiwa inamilikiwa na mume na mke kwa pamoja, kwa ule umiliki ambao mmoja akifa sehemu yake inamwendea aliyebaki, haiingii kwenye mirathi kabisa. Ni ya mjane tangu siku ya msiba. Tuseme kwenye familia yetu kiwanja kilikuwa cha baba peke yake na mama hadai mchango wake humo. Angedai, sehemu yake ingetolewa kwanza, na ni hicho kinachobaki ndicho kingegawiwa.

Hatua ya pili ni madeni. Marehemu alikuwa na mkopo wa saccos, kukawa na gharama za mazishi na za shauri, jumla milioni 6. Zinalipwa kutoka wapi? Nyumba, aliyopewa mama kwa jina, haiguswi maadamu kuna mali nyingine za kutosha. Vivyo hivyo gari la mtoto wa pili. Mzigo unaanza kubebwa na fungu lisilotajwa. Kwa hiyo milioni 18 za benki zinashuka hadi milioni 12, na ukiongeza kiwanja cha milioni 24 unapata milioni 36 za kugawa.

Sheria ya 1865 inasema mwanamume akiacha mke na watoto, mke anachukua theluthi moja na watoto theluthi mbili kwa usawa, wa kike na wa kiume bila tofauti. Mama anapata milioni 12. Watoto wanne wanagawana milioni 24, kila mmoja milioni 6.

Hapa swali hurudi kila mara, na huulizwa kwa uchungu: mama amekwisha pewa nyumba nzima, iweje achukue tena? Kwa sababu nyumba ni zawadi ya mumewe na theluthi ni haki ya kisheria. Moja halimpunguzii jingine, isipokuwa kama mwandishi wa wosia amesema waziwazi kwamba atakayepata nyumba asidai kingine. Vilevile mtoto wa pili anabaki na gari lake na milioni 6 zake. Na wale wawili wa mwisho, ambao bahasha iliwasahau, wanaingia kwenye fungu hili kwa miguu yao miwili. Kwao, ukimya wa wosia ndio uliowaokoa.

Kiwanja hakigawanyiki kama noti, lakini hesabu za familia hii zinapangika vizuri. Fedha zilizobaki benki ni milioni 12, sawa kabisa na fungu la mama, hivyo mama anaweza kuchukua fedha na kuwaachia watoto kiwanja. Mtoto wa kwanza akikitaka sana kiwanja cha Chanika, awalipe wadogo zake watatu milioni 6 kila mmoja, na yeye fungu lake likae ardhini. Makubaliano kama haya yaandikwe na kusainiwa na wote, thamani ikiwa ya mthamini, siyo ya dalali wa jirani. Wakishindwana, kiwanja kinauzwa na fedha zinagawiwa.

Nani anasimamia fungu lisilotajwa? Msimamizi yule yule aliyetajwa kwenye wosia. Akishathibitishwa na mahakama, mali zote za marehemu zinakuwa mikononi mwake, zilizotajwa na zisizotajwa, wala hapafunguliwi shauri la pili. Lakini mikononi mwake maana yake ni kuzikusanya, kulipa madeni na kuwakabidhi wenyewe. Kuteuliwa hakumpi urithi hata wa senti moja. Nimeona msimamizi akiuza kiwanja kwa hoja kwamba "hakimo kwenye wosia, kwa hiyo hakina mtu", na mnunuzi wa watu akajenga msingi na nguzo kabla warithi wengine hawajajua kama kiwanja kiliwahi kuwepo.

Mrithi anaweza kuliona hilo mapema. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Mirathi, Sura ya 352, msimamizi anatakiwa kuwasilisha mahakamani orodha ya mali ndani ya miezi 6 tangu apewe usimamizi, na hesabu ya alivyogawa ndani ya mwaka 1. Nenda kaisome orodha hiyo, uiweke sambamba na wosia. Ikiwa mali za kwenye orodha ni zile zile za kwenye wosia, neno kwa neno, na unajua baba aliishi miaka 15 baada ya kuandika, kuna kitu hakijaorodheshwa. Anza na mikataba ya serikali ya mtaa, taarifa za benki na simu yake, kisha upeleke malalamiko kwenye shauri lile lile.

Angalia pia mahakama yenyewe. Mahakama ya Mwanzo inasikiliza mirathi inayofuata sheria ya mila au ya Kiislamu tu. Mirathi ya sheria ya 1865 ikifunguliwa huko, kwa sababu ni karibu na gharama ni ndogo, inaweza kufutwa yote hata baada ya mali kugawiwa.

Si kusahau peke yake kunakoacha mali bila mwenyewe. Zawadi aliyoandikiwa mtu ambaye alisaini kama shahidi wa wosia, au mke au mume wa shahidi huyo, ni batili chini ya sheria hii ya 1865, ingawa wosia wenyewe unabaki hai. Rafiki aliyeachiwa kitu akifa kabla ya mwenye wosia, zawadi yake huanguka. Mtoto akitangulia na kuacha watoto wake, hiyo haianguki.

Kwa Mwislamu picha inageuka. Wosia wake hauruhusiwi kuvuka theluthi ya kinachobaki baada ya mazishi na madeni, na haumfikii mrithi bila ridhaa ya warithi wengine. Kwa hiyo mali isiyogawiwa na wosia ndiyo sehemu kubwa tangu mwanzo, na inakwenda kwa mafungu ya Kurani: mjane mwenye watoto wa marehemu thumuni, mtoto wa kiume mara mbili ya wa kike. Kwenye sheria ya mila, iliyoandikwa kwa Tangazo la Serikali namba 436 la mwaka 1963, hali ni ngumu zaidi kwa wanawake: mabinti wako daraja la tatu na la mwisho, na mjane mwenye watoto hahesabiwi kuwa mrithi, anaachiwa watoto wamtunze. Mwanamume wa mila asiyetaja kiwanja kwenye wosia wake anapaswa kujua kwamba kiwanja hicho huenda mkewe asikipate.

Baba wa Sinza angeweza kufunga mlango huu kwa sentensi moja mwishoni mwa ukurasa wake: "Mali zangu nyingine zote ambazo sikuzitaja, na nitakazozipata baada ya leo, pamoja na zawadi yoyote itakayoshindwa kutimia, zigawiwe sawa kwa mke wangu na watoto wangu wote." Wanasheria huliita hili fungu la mabaki. Linapima mali zilizopo siku ya kufa, siyo siku ya kuandika, hivyo kiwanja cha 2015 kingeingia kwenye sentensi ya 2008. Mgawo nao ungekuwa wa kwake: milioni 36 kwa watu watano, kila mmoja milioni 7 na laki 2.