Kona iliyo karibu si lazima iwe na uzito mkubwa

"Nimepima kimo cha ardhi kwenye kona tatu za shamba Njoro. Nikikadiria kimo cha sehemu ya ndani, si kona iliyo karibu ndiyo ipate uzito mkubwa?"

La. Uzito wa kona ni eneo la pembetatu ndogo iliyo mkabala nayo, yaani ile ya nukta unayokadiria na kona nyingine mbili, ukigawa kwa eneo lote. Umbali hauingii.

Tuseme, kwa mita, A ni (0, 0), B (120, 0), C (60, 20), na nukta P iko (60, 5). Eneo lote ni 1200. PAB ni 300, kwa hiyo C inapata 0.25. PBC na PCA ni 450 kila moja: A na B, 0.375 kila moja. Ajabu ni kwamba C iko mita 15 tu kutoka P, A na B zaidi ya 60!

Vimo vikiwa 4, 8 na 12:

```
0.375*4 + 0.375*8 + 0.25*12 = 7.5
```

Hicho ndicho kimo cha mteremko ulionyooka unaopita kona zote tatu. Ukigawa uzito kinyume cha umbali utapata karibu 10, kilima ambacho mteremko huo hauna. Korongo lililo katikati, bila shaka, hesabu hii haitalijua. Ukihesabu maeneo kwa alama, chanya au hasi kufuata mwelekeo wa kona, uzito ukitoka hasi, nukta iko nje ya pembetatu.