Diodi ya gerimani na mkato laini

“Fundi, si diodi za gerimani ndizo hukata sauti kwa ulaini, na za silikoni kwa ukali?”

Hapana. Kinachoamua zaidi ni mahali diodi zilipofungwa. Tube Screamer, pedali ya gitaa inayosifika kwa mkato laini, ina diodi za silikoni. MXR Distortion+ ina za gerimani, lakini mkato wake ni mkali.

Katika Distortion+, diodi mbili zilizopeana migongo zinatoka kwenye njia ya sauti kwenda ardhini, baada ya amplifaya. Wimbi likifika kama volti 0.3, diodi inafunguka na ziada yote inamwagwa. Kilele kinabaki bapa. Gerimani hufunguka polepole, kwa hiyo pembe zake huviringika kidogo. Nadhani uvumi ulianzia hapo.

Katika Tube Screamer, diodi zimo kwenye njia inayorudisha sauti kutoka mdomo wa amplifaya hadi mlango wake hasi. Zikifunguka, ukuzaji hushuka hadi karibu mara moja, lakini haufiki sifuri. Tuseme gitaa linaleta kilele cha volti 0.1. Kinachotoka ni zile 0.6 za diodi, na juu yake ile 0.1 ya gitaa: jumla 0.7. Kwenye osiloskopu utaona kilele kina mgongo mdogo, umbo la wimbi lilivyoingia.

Ukipiga nyuzi taratibu huku kitufe cha drive kikiwa mwisho, mgongo huo hupungua, na wimbi hukaribia kuwa la mraba hata hapa.