Tunda zima na juisi yake: kinachobaki kwenye chujio

Chungwa moja la wastani likishamenywa lina nyama ya gramu 130 hivi. Humo mna sukari gramu 12 na nyuzinyuzi gramu 3, na karibu kila kinachobaki ni maji. Ukitaka kujaza glasi ya mililita 250 kwa kukamua, utahitaji machungwa matatu, au manne kama yamenyauka njiani kutoka Muheza hadi Mbeya. Glasi hiyo itakuwa na sukari gramu 21 hivi, sawa na vijiko vitano vya chai, na nyuzinyuzi kama nusu gramu tu. Hapo hujaongeza sukari yoyote.

Ukigawanya hesabu hiyo, tofauti inaonekana vizuri zaidi. Katika chungwa zima, kila gramu moja ya nyuzinyuzi inafuatana na gramu 4 za sukari. Katika juisi yake, gramu moja ya nyuzinyuzi inafuatana na gramu 42. Sukari ni ileile iliyotoka mtini. Kilichobadilika ni vile ilivyokuwa imeshikana navyo.

Wengine wanadhani kukamua kunaongeza sukari. Hapana. Mtu akila machungwa matatu mazima atameza sukari ya gramu 36, ambayo ni zaidi ya ile ya glasi, kwa sababu sehemu yake hubaki kwenye makapi. Ila ni nani hukaa akala machungwa matatu kwa mkupuo mmoja baada ya chakula cha mchana? Glasi ya juisi humalizwa kwa dakika moja, na mara nyingi huombwa ya pili.

Nyuzinyuzi ni sehemu ya mmea ambayo utumbo mdogo hauwezi kuimeng'enya. Kwenye chungwa ziko katika ule weupe ulio chini ya ganda, katika ngozi nyembamba inayofunika kila kipande, na katika vifuko vidogo vidogo vinavyobeba maji ya tunda. Ndiyo maana anayemenya chungwa kwa kisu mpaka weupe wote uishe, kisha akafyonza maji na kutema makapi, amekaribia sana kunywa juisi. Anayekula kipande kizima, na ngozi yake, amekula tunda.

Nyuzinyuzi hizo zina kazi mbili hapa. Kwanza, kuta zake ndizo zinazoifungia sukari ndani ya tunda, hivyo ni lazima utafune ndipo itoke, na hata baada ya kumeza tumbo bado lina kazi ya kusaga vipande. Pili, aina moja ya nyuzinyuzi iitwayo pektini, ambayo machungwa na matufaa yanayo kwa wingi, huyeyuka katika maji na kufanya mchanganyiko wa tumboni uwe mzito. Mchanganyiko mzito hushuka polepole kutoka tumboni kwenda utumbo mdogo, na sukari hufyonzwa huko kwa mwendo huohuo. Juisi iliyochujwa haina cha kuizuia, kwa hiyo hupita haraka.

Jaribio linaloeleza jambo hili vizuri kuliko mengine yote ni la Uingereza, lililochapishwa mwaka 1977 katika jarida la kitabibu la Lancet. Walitumia matufaa, yale maepo yanayolimwa pia Makete na Njombe, wakiwapa watu 10 kwa namna tatu: mazima, yaliyopondwa kuwa rojo, na juisi isiyo na nyuzinyuzi. Kila mlo ulikuwa na wanga na sukari ya kiasi kilekile, gramu 60. Juisi ilimalizika mara 11 haraka kuliko matufaa mazima, na mara 4 haraka kuliko rojo.

Watafiti hawakuishia hapo. Waliwataka watu watumie vyote kwa muda uleule, ili isije ikasemwa kwamba tofauti yote ni haraka ya kunywa. Bado juisi ilishibisha kidogo kuliko rojo, na rojo ikashibisha kidogo kuliko tunda zima. Kwa sukari ya damu, jibu lilikuwa tofauti na wengi wanavyotarajia: ilipanda kwa kiwango kinachokaribiana katika milo yote mitatu. Tofauti ilitokea baadaye. Juisi na rojo zilisukuma insulini juu zaidi, na baada ya juisi sukari ya damu ikaporomoka kwa kasi. Baada ya rojo iliporomoka pia, lakini kidogo, na baada ya matufaa mazima hali hiyo haikuonekana.

Kwa hiyo anayepima sukari kwa mashine ya kidole mara moja tu baada ya kunywa juisi, akaona namba haitishi sana, asihitimishe kwamba juisi na tunda ni kitu kimoja. Kipimo kimoja hakioneshi insulini iliyotumika kuishusha sukari hiyo, wala hakioneshi mporomoko unaofuata.

Kuhusu kushiba, kuna jaribio jingine la Marekani la mwaka 2009. Watu walipewa tufaa kabla ya chakula cha mchana, siku nyingine wakapewa rojo ya tufaa, siku nyingine juisi, zote zikiwa na nguvu sawa. Waliotanguliza tufaa zima walikula pungufu kwa asilimia 15 wakilinganishwa na siku ambayo hawakutanguliza kitu. Rojo na juisi hazikufikia hapo. Sehemu ninayoiona ya maana zaidi ni hii: juisi nyingine ilirudishiwa nyuzinyuzi kwa kiasi kilichomo katika tufaa, lakini haikushibisha zaidi ya juisi ya kawaida. Maana yake kushiba hakutokani na gramu za nyuzinyuzi peke yake. Kutafuna, muda unaotumika, na umbo la tunda vinachangia, na hakuna unga wa kuchanganya kwenye glasi utakaorudisha hayo.

Hapo ndipo inapoingia blenda. Tunda lililosagwa bila kuchujwa lina nyuzinyuzi zake karibu zote, na hilo ni jambo jema kwa tumbo na kwa choo. Lakini kuta zimeshavunjwa, kwa hiyo lihesabu pamoja na ile rojo ya matufaa: katikati ya tunda na juisi. Ukilipitisha kwenye chujio, linahamia upande wa juisi. Njia rahisi ya kujua umebakiza kiasi gani ni kutazama chujio lenyewe. Kama umelikung'uta makapi mazito kwenye ndoo ya taka, nyuzinyuzi zimeenda nayo.

Kwa hapa Nyanda za Juu Kusini, juisi inayohitaji hesabu ya peke yake ni ya pasheni. Pasheni moja ya zambarau ina nyama na mbegu kama gramu 18, sukari gramu 2, na nyuzinyuzi karibu gramu 2 pia. Ni gramu moja kwa gramu moja, uwiano ambao matunda machache yanao. Lakini nyuzinyuzi hizo nyingi ziko kwenye mbegu, na mbegu ndizo tunazochuja.

Chukua jagi la kawaida la nyumbani: pasheni 10, maji ya kutosha kufika lita 2, na kikombe cha sukari chenye gramu 200, kwa sababu pasheni ni chachu. Matunda yametoa sukari gramu 20, kikombe kimetoa 200, jumla 220. Jagi hilo linatoa glasi 8, yaani gramu 27 hivi kwa kila glasi. Kati ya hizo, gramu 25 zimetoka dukani na mbili na nusu tu ndizo za tunda. Nyuzinyuzi zilizokuwemo katika pasheni kumi, karibu gramu 19, zimetupwa. Kinachonywewa ni maji ya sukari yenye harufu nzuri ya pasheni, na ni haki kukiita hivyo. Ukizipasua pasheni mbili ukazila kwa kijiko, mbegu na vyote, unapata sukari gramu 4 na nyuzinyuzi karibu 4.

Juisi ya parachichi ni kinyume cha hiyo. Gramu 100 za parachichi zina nyuzinyuzi kama 7 na sukari isiyofika gramu 1, na kwa kawaida haichujwi. Uzito wake na mafuta yake hushibisha kweli. Sukari yote utakayoikuta kwenye glasi hiyo imemiminwa na mtengenezaji, kwa hiyo anayeagiza mezani anaweza kuiondoa kwa neno moja: "bila sukari." Kwa pasheni ombi hilo ni gumu kulitimiza, maana wengi hawataweza kuinywa.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, liliiweka sukari ya juisi ya matunda kundi moja na sukari ya mezani na asali, hata kama juisi haikuongezwa kitu. Sukari iliyo ndani ya tunda zima haihesabiwi humo. Kikomo ni chini ya asilimia 10 ya nguvu yote ya chakula cha siku. Kwa mtu mzima anayekula kilokalori 2,000, hiyo ni gramu 50. Mwongozo unaongeza kwamba ingefaa zaidi kushuka chini ya gramu 25. Glasi moja ya pasheni kutoka jagi letu imeshapita hiyo 25. Glasi ya machungwa iliyokamuliwa bila sukari imeikaribia. Kwa mtoto ambaye hajafikisha mwaka, madaktari wa watoto wa Marekani wanasema juisi isitolewe kabisa.

Kuna wakati mmoja ambapo tunda zima ndilo chaguo baya. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini, au dawa zinazousukuma mwili kuitoa, sukari yake ikishuka chini ya 4 kwenye mashine inayosoma kwa mmol/L, akaanza kutetemeka, kutoka jasho na kuchanganyikiwa, anahitaji sukari inayofika kwenye damu upesi. Aliye karibu ampe juisi ya machungwa mililita 150, ambayo ina gramu 15 hivi za sukari na wanga, kisha apime tena baada ya dakika 15, na arudie kama namba haijapanda. Chungwa la kutafuna lingechelewa, na juisi ya parachichi ingechelewa zaidi kwa sababu mafuta hupunguza mwendo wa tumbo. Sukari ikishatulia, ale chakula au tunda ili isishuke tena. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe chochote, kwa kuwa anaweza kupaliwa. Huyo akimbizwe hospitali.