Modeli ya uso ya pande tatu: jinsi uso unavyobadilishwa kichwa kikiwa kimegeuka

Kubadilisha uso katika picha ni kuuondoa uso wa mtu mmoja na kuweka wa mwingine mahali pake, huku kichwa, nywele, shingo na mandhari vikibaki vya yule wa kwanza. Picha inayotoa uso tuiite chanzo, na ile inayoupokea tuiite lengo. Watu wote wawili wakiwa wameitazama kamera moja kwa moja, kazi hii haihitaji ujuzi mkubwa: macho yanawekwa juu ya macho, mdomo juu ya mdomo, kisha kingo zinalainishwa. Ugumu unaanza pale kichwa cha lengo kinapogeuka, na hapo ndipo dhana ya modeli ya uso ya pande tatu inapoingia.

Mfano nitakaoufuata ni wa sekunde chache katika filamu fupi niliyoihariri Kampala. Mwigizaji wetu mkuu hakujua kuendesha pikipiki, kwa hiyo mwendesha bodaboda mmoja alikubali kuendesha badala yake, na wote wawili waliridhia nyuso zao zibadilishwe. Bodaboda anapita kando ya teksi (matatu, kwa msomaji wa Nairobi), anageuza kichwa kumtazama kondakta, kisha anarudisha macho barabarani. Kofia yake ngumu ilikuwa wazi mbele, hivyo uso ulionekana wote. Kichwa kilianzia karibu na digrii sifuri, kikafika takriban digrii 55, kikarudi.

Nilijaribu kwanza njia ya bapa, yaani kuichukua picha ya mwigizaji kama karatasi na kuivuta, kuibana na kuizungusha mpaka ilingane na uso wa bodaboda. Hadi digrii 15 au 20 hakuna aliyegundua. Kufikia digrii 40 mwigizaji alionekana kama amebandikwa bango usoni. Sababu yake inaonekana katika hesabu ndogo. Tuseme pembe za nje za macho ziko milimita 45 kila upande wa mstari wa kati wa uso, na ncha ya pua iko kwenye mstari huo huo lakini imetokeza milimita 40 mbele ya pembe hizo. Kichwa kikigeuka kwa pembe θ, mahali pa kila nukta kwenye picha, kushoto au kulia, ni hivi:

```
x' = x*cos(θ) + z*sin(θ)
```

Hapa `x` ni umbali kutoka mstari wa kati na `z` ni kiasi ambacho nukta imetokeza mbele. Kwa digrii 40, pembe za macho zinakaribiana na kuwa milimita 34.5 kila upande, na ncha ya pua inasogea milimita 25.7 kuelekea upande wa jicho la mbali. Kati ya pua na pembe ya jicho la mbali zinabaki takriban milimita 9, na kwa upande wa jicho la karibu zimekuwa 60. Karatasi iliyobanwa kwa upana haiwezi kutoa matokeo hayo, kwa sababu kilichokuwa katikati kitabaki katikati. Ukiilaza karatasi mshazari ili pua ifike mahali pake, kidevu nacho kitavutwa kuliko inavyostahili na paji la uso litakwenda upande wa pili.

Wengine huukata uso kuwa pembetatu ndogondogo na kuivuta kila moja peke yake. Njia hiyo ni bora zaidi, lakini ina ukuta wake. Kwa vipimo vyetu, kichwa kikipita digrii 48 hivi ncha ya pua inaivuka pembe ya jicho la mbali, na pembetatu za shavu la upande huo zinapinduka, kushoto kuwa kulia. Picha bapa haijui kwamba sehemu hiyo ya shavu sasa imejificha nyuma ya pua. Kinachokosekana ni ile `z`, yaani kina, na modeli ya pande tatu ndiyo inayoileta.

Modeli inayozungumziwa hapa ni sura moja ya wastani pamoja na orodha ya namna ambazo sura za watu hutofautiana. Volker Blanz na Thomas Vetter waliieleza mwaka 1999, baada ya kupima kwa leza vichwa vya watu wazima 200, wanaume 100 na wanawake 100. Chuo Kikuu cha Basel kilitoa modeli ya aina hiyo mwaka 2009, nayo ndiyo inayojulikana sana. Uso wake umeundwa kwa vipeo 53,490, yaani nukta zilizounganishwa kama wavu wa samaki. Kipeo kilicho kwenye ncha ya pua kina namba ile ile kwa kila mtu. Umbo la mtu yeyote linaandikwa hivi:

```
S = M + a1*s1 + a2*s2 + ... + an*sn
```

`M` ni sura ya wastani, kila `s` ni mwelekeo mmoja wa tofauti, kwa mfano uso kunenepa au kurefuka, na kila `a` ni kiasi ambacho mtu huyu anaufuata mwelekeo huo. Kuilinganisha modeli na picha ni kutafuta namba hizo, pamoja na mzunguko wa kichwa, mahali kilipo, ukubwa wake na namba za hali ya uso kama vile mdomo kufunguka, mpaka vipeo vikichorwa kwenye picha viangukie pale vinapostahili. Mara nyingi kazi inaanzia kwenye alama 68 ambazo programu huzitambua usoni: 17 za ukingo wa taya, 10 za nyusi, 9 za pua, 12 za macho na 20 za mdomo.

Ulinganishaji unafanywa mara mbili, kwa chanzo na kwa lengo. Kutoka kwa mwigizaji nilichukua umbo lake na rangi ya ngozi, kila kipeo kikibeba rangi iliyokuwa chini yake kwenye picha. Kutoka kwa bodaboda nilichukua mzunguko wa kichwa, mahali, ukubwa na hali ya uso kwa kila fremu. Kisha modeli yenye umbo na ngozi ya mwigizaji inachorwa upya ikiwa imegeuka kama kichwa cha bodaboda. Shavu lililo nyuma ya pua linajificha lenyewe, kwa kuwa kompyuta sasa inajua kipi kiko mbele ya kipi.

Alama za taya ndizo zilizonisumbua zaidi. Katika uso ulionyooka, alama hizo ziko kwenye mfupa wa taya kweli. Kichwa kikigeuka, programu inaziweka kwenye ukingo unaoonekana, na ukingo huo upande wa mbali ni mwinuko wa shavu, wala si taya tena. Ukiendelea kuilazimisha modeli iamini kwamba ni vipeo vile vile vya taya, itajibana ili izifikie alama, na utapata uso mwembamba kama wa mtu aliyeugua, ilhali alama zote zimeangukia mahali pake. Kwa hiyo kosa dogo la alama si ushahidi wa ulinganishaji mzuri. Dawa ni kutafuta upya, katika kila mzunguko wa hesabu, vipeo vilivyoko kwenye ukingo kwa pembe ile, au kuziacha kabisa alama za taya za upande wa mbali. Namna ya kuthibitisha ni kuigeuza modeli yenyewe nje ya picha na kuitazama kutoka mbele: upana wake ukibadilika fremu hadi fremu, kuna kasoro, kwani fuvu la mtu halinywei akigeuka.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi wa huku moja kwa moja. Watu wengi waliopimwa kwa ajili ya modeli ya Basel ni wa asili ya Ulaya. Picha ya mbele haisemi mengi kuhusu kina cha pua, kwa hiyo modeli inabuni kina hicho kutokana na watu inaowajua. Mwigizaji wetu, mwenye pua pana isiyotokeza sana, alipewa pua ndefu kuliko yake. Kwa mbele hakuna aliyeona. Lakini rudi kwenye hesabu ya awali: kina kikikosewa kwa milimita 6, kwa digrii 55 ncha ya pua inakosea mahali kwa karibu milimita 5, na watu wanaomfahamu walisema mara moja kwamba yule si yeye, ingawa hawakuweza kueleza kwa nini. Nilichofanya ni kumpiga picha tatu, ya mbele na mbili za nusu upande, na kuilinganisha modeli na zote kwa pamoja, namba za umbo zikiwa zile zile na mzunguko pekee ukitofautiana. Rangi nayo sikuiachia modeli ikisie, kwa kuwa wastani wake ni wa ngozi nyeupe, na ngozi nyeusi huitafsiri kama mwanga hafifu. Niliitoa kwenye picha moja kwa moja.

Picha hizo tatu zilitatua pia tatizo la mashavu. Kwenye picha ya mbele, ngozi iliyo karibu na sikio inaonekana kwa ulalo na ina pikseli chache, na ukiigeuza modeli zinavutika kama raba. Wapo wanaonakili shavu moja na kuligeuza kama kioo ili lizibe la pili. Kwa picha iliyopigwa nje saa sita mchana hilo linaweza kupita, kwani jua la Kampala huwa karibu utosini na mashavu yote mawili hupata mwanga unaofanana, lakini ya saa kumi itakupa mtu mwenye machweo pande zote mbili.

Baada ya kuchora, inabaki barakoa inayosema ni pikseli zipi zibadilishwe. Modeli haina nywele, haina meno, na haijui kofia ni nini, hivyo ukanda wa kofia uliopita chini ya kidevu ilibidi niutoe kwenye barakoa kwa mkono, la sivyo ngozi ingechorwa juu yake. Kingo zilichanganywa kwa njia inayohifadhi tofauti za rangi kati ya pikseli jirani badala ya rangi zenyewe, ili uso upokee mwanga wa barabarani.

Kasoro ya mwisho ilijitokeza kwenye fremu kama 10 za katikati, kichwa kilipofika digrii 55. Pua ya bodaboda ilikuwa imetokeza kuliko ya mwigizaji, na kwa pembe hiyo ilichomoza mbele ya ubavu mweupe wa teksi. Pua mpya ilipochorwa, ncha ya pua ya zamani ilibaki ikichungulia nyuma yake. Modeli haiwezi kusaidia hapo, kwa sababu inaongeza uso tu na haijui kilichokuwa nyuma ya ule wa zamani. Nilichukua ubavu wa teksi kutoka fremu za jirani, pale kichwa kilipokuwa hakijaufunika, nikaizibia ncha hiyo kwa mkono fremu baada ya fremu.