Je, wajua kwa nini mwezi wa pili ndio unaoliamsha deni?

"Nilichukua 10,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, na kwa mwaka mzima sikupata cha kulipa. Hesabu yangu ni 1,000 mara miezi 12, yaani 12,000, na pesa yake 10,000, jumla 22,000. Mbona mwenye pesa ananidai 31,384?"

Aliyeniuliza ni mama anayeuza omena soko la Kibuye, hapa Kisumu. Hesabu yake ya kuzidisha haina kosa. Ila kila mwezi ameipiga asilimia 10 kwa zile 10,000 alizopokea mkononi, na aliyemkopesha anaipiga kwa deni lote lililopo siku hiyo, pamoja na riba ambayo haijalipwa.

Nilimtengenezea video ya dakika moja na nusu, niliyoipiga kwa simu pale pale penye meza yake. Sikutaka kuandika tarakimu ubaoni, kwa sababu tarakimu hupita haraka na mtu hubaki anaitikia tu. Nikaomba ungo, maharagwe na konzi ya mchele. Harage moja ni shilingi 100, punje ya mchele ni shilingi 10. Mkopo wa 10,000 ukawa maharagwe 100 katikati ya ungo.

Mwisho wa mwezi wa kwanza, katika kila maharagwe 10 tunaongeza moja. Yameingia 10, sasa yako 110. Hapo mama na mkopeshaji bado wanakubaliana: deni ni 11,000.

Mwezi wa pili nilimwachia yeye ahesabu. Akayapanga mafungu ya kumi kumi, akapata mafungu 11, akaweka maharagwe 11. Mkono wake ukasimama. Harage moja limezidi, na halikutoka kwenye mkopo. Ni riba ya zile 1,000 za mwezi wa kwanza ambazo hazikulipwa. Deni limefika 12,100, wakati yeye alikuwa anasema 12,000. Tofauti ni shilingi 100 tu, bei ya harage moja, na ndiyo maana hakuna anayeishtukia.

Mwezi wa tatu riba ni 1,210: maharagwe 12 na punje moja ya mchele. Deni ni 13,310. Mwezi wa nne inaingia 1,331, na shilingi moja haikuwa na punje yake, nikaiweka sarafu pembeni ya ungo. Deni 14,641. Kuanzia hapo niliikata video na kurukia mwezi wa nane, kwa sababu huo ndio mwezi deni linapita maradufu: 21,436. Kwa hesabu ya mama, lingefika 20,000 mwezi wa kumi. Na mwezi wa kumi na mbili peke yake unaongeza 2,853, karibu mara tatu ya riba ya mwezi wa kwanza, ingawa asilimia ni ile ile 10 tangu mwanzo. Ungo ulikuwa umejaa hadi maharagwe yanadondoka mezani.

Ukitaka kuhakiki kwa simu, andika 10000 kisha zidisha kwa 1.1 mara kumi na mbili. Kwa anayetumia Excel, ni mstari mmoja:

```
=10000*(1+0.1)^12
```

Itakupa 31384.28.

Sehemu ya pili ya video ndiyo ninayotamani kila mkopaji aione, kwa sababu inamhusu hata yule anayelipa kila mwezi bila kukosa. Tulirudisha ungo kwenye maharagwe 100. Tuseme mama analipa 1,000 kila mwisho wa mwezi. Yanaingia maharagwe 10, yanatoka 10. Mwezi unaofuata yanaingia 10, yanatoka 10. Baada ya mwaka ametoa 12,000 kutoka kwenye omena yake, na ungoni bado kuna maharagwe 100. Hakuna aliyemwibia na hakuna mwezi aliokosa. Malipo yake yote yalienda kwa riba, hakuna hata shilingi iliyougusa mkopo wenyewe. Akilipa 500 ni vibaya zaidi, maana deni linakua huku anatoa: mwezi wa kwanza linabaki 10,500, wa pili 11,050, wa tatu 11,655.

Sasa alipe 1,500. Mwezi wa kwanza yanaingia maharagwe 10 na kutoka 15, yanabaki 95. Mwezi wa pili riba inahesabiwa kwa 9,500, kwa hivyo ni 950 badala ya 1,000, na zile 50 zilizopungua zinaenda kula mkopo. Deni linashuka hadi 8,950. Mwezi wa tatu 8,345. Kila mwezi riba inapungua kidogo na sehemu inayokula mkopo inaongezeka, mpaka mwezi wa kumi na mbili anamalizia na 808 hivi. Jumla ametoa kama 17,308 na deni limekwisha. Yule wa 1,000 alitoa 12,000 na bado anadaiwa 10,000. Shilingi 500 kwa mwezi ndizo zilizowatenganisha.

Si kila mkopeshaji anapiga riba juu ya riba. Kuna vyama vinavyotoza riba kwa mkopo wa mwanzo tu, na huko hesabu ya mama ya 22,000 ingekuwa sahihi kabisa. Maneno "asilimia 10 kwa mwezi" hayakwambii ni ipi kati ya hizo mbili. Muulize mwenye pesa kabla hujapokea: "Nikikosa kulipa mwezi wa kwanza, riba ya mwezi wa pili ni shilingi ngapi?" Akisema 1,000, inapigwa kwa mkopo. Akisema 1,100, inapigwa kwa deni lote. Jibu hilo liandikwe kwenye karatasi pamoja na tarehe.

Kwa benki kuna ukomo. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki ya Kenya, kilichoanza kutumika 2007, kinasema mkopo ukishahesabiwa kuwa haulipwi, riba inayoendelea kudaiwa kuanzia hapo haiwezi kuzidi mkopo uliokuwa umebaki siku hiyo. Lakini kifungu hicho kiliandikwa kwa ajili ya taasisi za benki. Mtu anayekopesha sokoni kwa daftari lake si benki, na mama hakuweza kukitumia mbele yake.

Kwa hivyo tulirudi kwenye 31,384 yake. Riba ya mwezi ujao juu ya deni hilo ni 3,138. Akitoa 3,138 kila mwezi na riba ikaendelea kuhesabiwa, deni litasimama pale pale kama yale maharagwe 100. Nilimshauri asianze kwa kuomba apunguziwe jumla, aombe kwanza riba isimamishwe na kiasi kiandikwe kuwa hakitaongezeka. Riba ikisimama, hizo hizo 3,138 kwa mwezi zinalimaliza deni kwa miezi kumi, zikibaki shilingi 4.