Je, wajua? Kumpa mkaguzi wa bima tarehe yako hakukutii kitanzi

"Mkaguzi wa bima kaniandikia nifunge vizima moto na nirekebishe waya ndani ya siku 30. Vizima moto naviweza, waya hapana. Nikimjibu kwa tarehe ya mbele, si nitakuwa nimejitia kitanzi mwenyewe? Si afadhali ninyamaze, nifanye kazi, nimjibu ikiisha?"

Kitanzi kilikuwepo kabla hujashika kalamu. Bima ya moto ya jengo la biashara mara nyingi hutolewa kwa sharti la ukaguzi: kinga inaanza, mkaguzi anapita, na mkataba unasema mapendekezo yake yatatekelezwa katika muda atakaoutaja. Ripoti ikishatoka, siku zinahesabika ujibu usijibu. Barua yako haianzishi hesabu hiyo, ila ndiyo njia pekee uliyo nayo ya kuisogeza.

Wengi wetu tulianza upande usio sahihi wa jambo hili, na kosa lenyewe linaeleweka. Tumezoea kwamba ahadi ni deni, kwa hiyo asiyeahidi hadaiwi. Ndiyo maana majibu mengi huandikwa kwa ukungu: "tunalifanyia kazi", "litakamilika hivi karibuni". Mwandishi anaona amejiachia nafasi. Kumbe kwa anayesoma upande wa bima, sentensi hiyo haina tarehe mpya, na pasipo tarehe mpya ile ya zamani inabaki palepale.

Chukua mfano wa kitabu cha maktaba. Nyuma ya jalada pamegongwa muhuri wa siku ya kukirudisha. Siku hiyo haisogei kwa sababu hujamaliza kusoma, wala kwa sababu umemwambia mkutubi mlangoni kwamba bado kidogo. Inasogea akigonga muhuri mwingine. Ukienda kabla ya siku kufika, ni jambo la dakika moja. Ukienda baada ya siku kupita, unaanza kwa kujieleza. Na ukimpelekea barua asikujibu, hujapata muhuri. Una barua tu. Kwa hiyo barua ya tarehe iishie na ombi la kukubaliwa kwa maandishi, na kama tarehe hiyo inagusa sharti la mkataba, uombe hati ya nyongeza inayoutaja muda mpya. Dalali kukuambia kwa simu kwamba "hawana tatizo" hakutoshi, hata kama ni kweli hawana.

Mfano huu una mahali unapokatikia. Faini ya maktaba hukua siku kwa siku, nawe unaiona. Kuchelewa kwenye bima kunaweza kukaa miezi bila kuonekana, kisha kukadaiwa kote kwa mkupuo siku ya moto. Kuna kanuni ya zamani ya Kiingereza iliyoandikwa katika Sheria ya Bima za Baharini ya mwaka 1906, kifungu cha 33: sharti ambalo mwenye bima ameahidi kulitimiza litimizwe sawasawa, liwe na uzito kwa hatari iliyokatiwa bima au lisiwe nao. Kwa mantiki hiyo, vizima moto vilivyochelewa vingeweza kumponza mtu ambaye jengo lake limepigwa na radi. Uingereza yenyewe ililegeza mambo kwa sheria ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika Agosti 2016. Nchi nyingine zimeenda njia zao, na si kila pendekezo la mkaguzi ni sharti: mengine ni ushauri mtupu. Soma ripoti uone lipi limeitwa lazima, kisha soma mkataba uone unasemaje juu ya hilo la lazima.

Sasa tuione barua yenyewe ikitungwa. Tuchukue karakana ya kushona nguo, sakafu moja, mita za mraba 600, na mistari miwili ya meza. Ripoti ina tarehe 3 Machi na inatoa siku 30 kuanzia tarehe hiyo, maana yake mwisho ni 2 Aprili. Imefika mezani 10 Machi. Wiki moja imeshaliwa na posta, na hakuna atakayeirudisha.

Vizima moto ni sehemu nyepesi. Kiwango cha Uingereza, BS 5306-8, kinatoa hesabu rahisi: zidisha eneo la sakafu kwa 0.065. Mita 600 zinatoa 39, yaani jumla ya nguvu ya 39A, na A hapa si ampea bali ni daraja la moto wa vitu kama nguo, karatasi na mbao. Mtungi wa maji wa lita 9 kwa kawaida huandikwa 13A, kwa hiyo mitatu inatosha, pamoja na mmoja wa kabonidioksidi karibu na bodi ya umeme, maana maji hayapigwi pale. Hakikisha tu kwamba aliye mahali popote hatembei zaidi ya mita 30 kuufikia mtungi, na pima kwa kuzunguka meza, si kwa kukata angani. Kama nchi yako ina kiwango chake, hesabu ni ya kiwango hicho. Utaje kwenye barua. Fundi akishapatikana, hii ni kazi ya siku moja. Tarehe ya 21 Machi inashikika.

Waya ni habari nyingine, na sababu iko ndani ya kiungio kimoja. Mkaguzi ameandika kwamba kwenye mstari wa pasi kuna waya zilizosokotwa na kufungwa tepu. Kiungio cha hivyo kikilegea, kinaongeza ukinzani kidogo, tuseme sehemu ya kumi ya omu. Pasi zikivuta ampea 20, joto linalozalishwa pale ni 20 mara 20 mara 0.1, yaani wati 40. Kwenye chumba wati 40 si kitu. Kwenye nafasi ya ukubwa wa kucha, chini ya tepu, juu ya vumbi la nyuzi, ni kitu kabisa. Na sakiti breka haioni lolote, kwa sababu mkondo ni ule ule wa kawaida. Breka inalinda dhidi ya mkondo mkubwa, wala haipimi joto la kiungio cha mbali. Ndiyo maana "mbona haijawahi kukata" si jibu kwa mkaguzi.

Kiungio kimoja kilichoonekana pia hakisemi vipo vingapi ambavyo havijaonekana. Hapa ndipo tarehe nyingi zinapoharibika. Mtu anaandika "waya zitarekebishwa ifikapo 30 Aprili", fundi anafungua dari, anakuta ngozi ya waya imekauka na inapukutika kila inapoguswa, na kazi ya kubadilisha viungio inageuka kuwa ya kuvuta waya upya. Tarehe ilitolewa kwa kazi ambayo hakuna aliyekuwa ameipima. Dawa yake ni ya ajabu kidogo lakini bima huielewa: kwa yale yasiyojulikana, unatoa tarehe ya kutoa tarehe. Sehemu ya waya katika barua ya karakana yetu inasomeka hivi:

"Mstari wa pasi umezimwa na kufungwa kwa kufuli tangu 11 Machi, na hautawashwa kabla ya kurekebishwa. Swichi kuu inazimwa kila jioni baada ya kazi, na msimamizi anatia saini kwenye daftari. Fundi mwenye leseni atapima mfumo wote ifikapo 24 Machi. Orodha ya kasoro, pamoja na tarehe ya kumaliza kila moja, itawafikia 28 Machi. Mstari wa pasi utavutwa upya na kupimwa ifikapo 17 Aprili. Tunaomba muda wa pendekezo hili uongezwe kutoka 2 Aprili hadi 17 Aprili kwa mstari wa pasi, na kwa kasoro nyingine hadi tarehe mtakazozikubali baada ya kupokea orodha. Tafadhali thibitisheni kwa maandishi kabla ya 2 Aprili."

Sentensi mbili za kwanza ndizo zinazofanya kazi kubwa. Anayeamua kule bima haulizi tu lini utamaliza. Anauliza atabeba hatari kiasi gani kuanzia leo hadi siku hiyo. Mstari uliozimwa hauchemki. Ukimpa hilo, wiki mbili za ziada zinaacha kuwa hisani anayokufanyia na zinakuwa jambo analoweza kulitetea kwa mkubwa wake. Lakini usiandike hatua ambayo karakana haitaishika. Daftari lenye saini za siku tatu kisha kurasa tupu ni ushahidi mbaya kuliko kutokuwa na daftari.

Kuna neno moja la kuogopa kwenye barua ya pili, ile ya kuripoti: "imekamilika". Mitungi iliyoagizwa haijakamilika. Mitungi iliyo kwenye boksi nyuma ya majora ya vitambaa haijakamilika pia, hata kama ankara imelipwa. Kuchelewa kunaombewa muda; taarifa isiyo ya kweli inaweza kuvunja mkataba wenyewe. Andika kilichopo: "mitatu imefungwa, mmoja unasubiriwa hadi 26 Machi".

Ushahidi nao una vituko vyake. Kwa mitungi ya maji, picha inayoonyesha mtungi ukutani, lebo ya fundi yenye tarehe, na mshale wa geji kwenye kijani inajieleza. Kwa mtungi wa kabonidioksidi, usihangaike kutafuta geji, kwa kawaida hauna. Ndani yake gesi imekaa kama kimiminika, na maadamu kuna tone la kimiminika, shinikizo linabaki karibu lile lile, takriban bar 57 kwenye nyuzi 20, uwe umejaa au umebaki nusu. Geji ingekudanganya hadi kimiminika chote kiishe. Mtungi huo hupimwa kwa mizani: uzito umegongwa kwenye mwili wake au vali, na ukipungua kwa zaidi ya asilimia 10 ya gesi iliyotakiwa kuwemo, unarudishwa kujazwa. Picha yake nzuri ni ya lebo yenye uzito.

Kwa waya, cheti kinachosema "hali nzuri" hakimsaidii mtu. Kinachosaidia ni namba za kila mstari: ukinzani wa ngozi ya waya uliopimwa kwa volti 500 usiwe chini ya megaomu 1, na kikata umeme cha uvujaji cha miliampea 30 kikate ndani ya milisekunde 300. Ukiamua kuongeza picha za kamera ya joto, zipigwe mchana pasi zikiwa zinafanya kazi. Zilizopigwa jioni, mashine zimezimwa, zitaonyesha viungio vyote vikiwa baridi, vibovu na vizima pamoja.

Na kama 17 Aprili inaelekea kukosekana, barua ya kuisogeza itoke tarehe 10, iseme ni kifaa gani kimechelewa, na irudie kwamba kufuli bado liko kwenye mstari wa pasi.