Fonti moja, faili nne: ipi ya kompyuta, ipi ya tovuti

Mteja wangu mwenye duka la kanga Biashara Street alinunua fonti ya lebo zake na tovuti. Ndani ya zipu akakuta faili nne: .otf, .ttf, .woff na .woff2. Windows ikazikubali mbili za mwanzo na kuzikataa mbili za mwisho, naye akaamini ameuziwa kitu kibovu. Kumbe WOFF na WOFF2 ni fonti ile ile iliyobanwa ipakuliwe upesi mtandaoni, na anayejua kuifungua ni kivinjari.

Kwenye kompyuta sakinisha OTF au TTF, si zote mbili. Ndani yake zina jina moja, kwa hiyo programu itachukua moja bila kukuambia, na nafasi za herufi zinaweza kubadilika. Kwa kazi za uchapishaji mimi huchukua OTF. Anayeandika kwa Word nampa TTF, kwa sababu Word inaweza kuipachika ndani ya hati, ilhali OTF nyingi haiziwezi. Faili kongwe za .pfb ziacheni: Adobe iliacha kuzihudumia Januari 2023.

Matbaa hawahitaji fonti yako, wanahitaji PDF iliyoibeba. Fungua PDF kwa Acrobat, nenda File, Properties, kisha Fonts. Kila jina liwe na maneno "Embedded" au "Embedded Subset" pembeni. Lisipokuwa nayo, mashine yao itaweka fonti nyingine, na lebo zitatoka na sura usiyoichagua.

Kwa tovuti pakia WOFF2 peke yake. Vivinjari vyote vya sasa vinaisoma. Wengi pia huipunguza fonti, wakibakiza herufi wanazozitumia tu ili ukurasa ufunguke haraka kwenye simu. Ni jambo jema, ila Kiswahili kina mtego wake. Orodha ya herufi za msingi ina alama ya ' iliyonyooka, lakini Word na programu nyingi huigeuza kuwa ’ iliyopinda, ambayo haimo humo. Basi "ng’ombe" hutokea na alama ya kuazima kutoka fonti nyingine, nene au iliyokaa juu kupita kiasi. Kwa hiyo iongeze mwenyewe kwa amri hizi, kwenye terminal ya kompyuta yenye Python, ukiweka jina la faili yako mahali pa duka.ttf:

```
pip install fonttools brotli
pyftsubset duka.ttf --unicodes="U+0020-007E,U+2018-201D" --flavor=woff2 --output-file=duka.woff2
```

U+2019 ndiyo alama yenyewe. Zilizo jirani zake nazijumuisha kwa ajili ya alama za kunukuu. Ikiwa ukurasa una Bismillahi kwa herufi za Kiarabu, hizo nazo zinahitaji fonti yake na faili yake.

Soma kwanza leseni: zipo zinazoruhusu kompyuta tu, na nyingine zinakataza hata kupunguza.

Ukishapakia, bofya neno lenye ng’ kwa kitufe cha kulia ndani ya Chrome, chagua Inspect, halafu Computed. Chini kabisa, kwenye "Rendered Fonts", liwepo jina la fonti yako pekee. Ukiona na Arial yenye "1 glyph", ndiyo ile alama.